Kanda ya Pili: Mapigo ya Moyo kwa Anayeanza Kutembea na Kukimbia

Anayeanza mazoezi siku hizi mara nyingi huanza na namba. Anavaa saa janja, anatoka nyumbani alfajiri, na kabla hajamaliza nusu kilomita kioo kinageuka rangi kutoka kijani kwenda njano, kisha nyekundu, na saa inamwambia kwamba moyo wake uko kanda ya nne. Wapo wanaoogopa na kurudi nyumbani. Wapo wanaofurahi, wakidhani mazoezi ndiyo kwanza yamekolea, wakakaza mwendo mpaka magoti yawakatae wiki ya pili. Wote hao wameisoma namba ambayo hawakuelezwa ilikotoka, na mara nyingi namba hiyo haiwahusu.

Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga kati ya mara 60 na 100 kwa dakika. Akianza kutembea, unaongeza kasi ili damu yenye oksijeni ifike kwenye misuli. Akikimbia, unaongeza zaidi, mpaka ufike kikomo ambacho hauwezi kukipita hata mwenyewe ajitahidi vipi. Kikomo hicho huitwa mapigo ya juu kabisa. Hushuka umri unavyopanda, na mazoezi hayakipandishi. Kinachofanywa na saa ni kuugawa mwendo wa moyo chini ya kikomo hicho katika kanda tano. Ya kwanza ni matembezi ya kawaida, ya mtu anayekwenda dukani. Ya pili ni mwendo wa haraka unaotoa jasho huku mazungumzo yakiendelea. Ya tatu pumzi inaanza kuwa nzito, na ya nne maneno yanatoka mawili matatu tu. Ya tano ni mbio za kukata roho, ambazo hata mkimbiaji hodari hazimudu zaidi ya dakika chache.

Kwa anayeanza, katika mipaka yote hiyo ninaamini upo mmoja tu unaostahili kujulikana kwa uhakika: dari la kanda ya pili, pale inapokwisha na ya tatu kuanza. Mengine yanaweza kusubiri miezi.

Mpaka huo ni badiliko halisi ndani ya mwili, si mstari uliochorwa na watengeneza saa. Misuli ikifanya kazi kwa utulivu, oksijeni inayoletwa na damu inatosha, na nishati hupatikana kwa kuunguza mafuta pamoja na sukari. Mwendo ukizidi, misuli hutegemea sukari zaidi na kuiunguza haraka, na laktati huzalishwa kwa kasi inayoanza kuushinda mwili kuiondoa. Damu huanza kuelemewa na asidi, na ili kuipunguza mapafu hulazimika kutoa hewa ya kaboni kwa wingi zaidi. Hapo ndipo pumzi inapobadilika ghafla. Mtu aliyekuwa akizungumza vizuri anajikuta anakata sentensi katikati, kwa sababu mwili unaihitaji pumzi kwa kazi nyingine iliyo ya haraka kuliko mazungumzo.

Chini ya dari hilo anayeanza anaweza kukaa dakika arobaini na kesho yake akarudi. Na kurudi huko ndiko kunakojenga. Kwa wiki kadhaa za mwendo wa namna hiyo, moyo hujifunza kusukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, mishipa midogo kabisa ya damu huongezeka kuizunguka misuli, na mitokondria, sehemu za seli zinazotengeneza nishati, huongezeka na kufanya kazi vizuri zaidi. Juu ya dari hilo faida pia zipo, na ni kubwa, lakini mwili usiozoea hulipa gharama kubwa kuliko unavyoweza kufidia kabla ya zoezi linalofuata. Tena moyo na mapafu huimarika mapema, ilhali kano za kisigino, magoti na misuli ya ugoko huchukua miezi kuzoea kishindo. Wengi wanaoacha mbio hawaachi kwa sababu ya moyo. Wanaacha kwa sababu moyo ulianza kuruhusu kasi ambayo miguu ilikuwa haijajiandaa kuibeba.

Tuanze na kipimo kisichohitaji saa. Aliyesoma shule Tanzania anaujua mchakamchaka, na Jumamosi au Jumapili alfajiri vikundi vya jogingi vya Dar es Salaam bado vinapita barabarani kwa mtindo huohuo: mmoja anaongoza wimbo, wengine wanaitikia. Bila kukusudia, vikundi hivi vimebeba kipimo kizuri cha mapigo. Ukiweza kuimba mstari mrefu mmoja baada ya mwingine bila taabu, uko chini, pengine kanda ya kwanza. Ukiweza kuzungumza sentensi kamili lakini wimbo unakukatikia, uko kanda ya pili. Ukiwa unaweza kutoa maneno matatu tu kabla ya kuvuta pumzi, umeshapita dari.

Hapa kuna mtego ambao vikundi hivi vingefaa kuujua. Mwitikio wa mchakamchaka ni mfupi, neno moja au mawili, na katikati yake kuna nafasi ya kupumua wakati kiongozi anaimba. Mtu anaweza kuitikia barabara kabisa huku moyo wake ukiwa kanda ya nne. Kwa hiyo kipimo cha kweli ni kusema jambo refu. Chukua ubeti wa kwanza wa Wimbo wa Taifa, useme kwa sauti ya kawaida, usiuimbe, huku ukiendelea na mwendo. Ukiumaliza ukivuta pumzi pale tu ambapo ungevuta ukiwa umekaa, uko mahali pazuri. Ukijikuta unavuta pumzi katikati ya maneno, punguza.

Sasa turudi kwenye saa, maana wanaozivaa ni wengi na namba zake zinachanganya kuliko inavyostahili. Tumchukue mama wa miaka 52, mwenye duka la vitambaa Mbagala, hana ugonjwa anaoujua, hajafanya mazoezi tangu alipomaliza shule. Saa yake inaanza na kanuni mashuhuri kuliko zote: 220 ukitoa umri. Kwake inatoa 168, na saa inahesabu kanda ya pili kuwa asilimia 60 hadi 70 ya hapo, yaani mapigo 101 hadi 118.

Kanuni hiyo ilienea baada ya Samuel Fox, John Naughton na William Haskell wa Marekani kuichapisha mwaka 1971. Haikutokana na utafiti uliofanywa mahsusi kuitafuta. Ilikuwa makadirio kutokana na takwimu za watafiti wengine, mstari uliopitishwa katikati ya nukta. Mwaka 2001 Hirofumi Tanaka na wenzake walikusanya matokeo ya tafiti 351 zenye watu 18,712 na kupata kanuni inayofaa zaidi: zidisha umri kwa 0.7, kisha toa jibu kwenye 208. Kwa mama wetu inatoa 172. Kwa mtu wa miaka 40 kanuni zote mbili hutoa jibu moja, 180. Tofauti huonekana kadiri umri unavyozidi, na ile ya zamani huwapunja wazee. Hata hiyo mpya ni wastani. Watu wawili wenye miaka 52 wanaweza kupishana mapigo 20 katika kikomo chao, wote wakiwa wazima wa afya.

Mama anatoka. Baada ya dakika tano za kutembea haraka saa inasoma 121 na kumwambia yuko kanda ya tatu, apunguze. Lakini anazungumza na jirani yake bila shida yoyote. Jioni mpwa wake anayependa mambo ya michezo anamwambia, "Mama mkubwa, hiyo hesabu ya saa siyo. Inabidi uingize na mapigo ya kupumzika." Anamfanyia hesabu kwa njia ya Martti Karvonen, mtaalamu wa Ufini aliyeichapisha mwaka 1957, na kumpa kanda ya pili mpya: 134 hadi 143. Kesho yake mama anakimbia polepole, saa inasoma 140, na anahema kiasi cha kushindwa kumjibu mtu salamu.

Dari moja ni 118, jingine ni 143, na yote mawili yanaitwa kanda ya pili. Nani kakosea?

Ili kuona kosa lilipo, tuihesabu njia ya Karvonen hatua kwa hatua. Kwanza mama alipima mapigo ya kupumzika. Alipoamka, kabla hajatoka kitandani, aliweka vidole viwili, cha shahada na cha kati, kwenye kifundo cha mkono upande wa dole gumba. Dole gumba lenyewe halitumiki kupimia kwa sababu lina mapigo yake yanayoweza kuhesabiwa kimakosa. Alihesabu dakika nzima, asubuhi tano, akapata 79, 74, 76, 77 na 74. Wastani ni 76. Kisha mpwa wake alitoa 76 kwenye 172, ikabaki 96. Hizo 96 ndizo akiba ya mapigo, nafasi yote ambayo moyo wake unaweza kupanda kutoka kwenye utulivu. Asilimia 60 ya 96 ni 58, ukijumlisha na 76 unapata 134. Asilimia 70 ni 67, ukijumlisha unapata 143.

Hesabu haina kosa. Kosa ni kuzihamisha zile asilimia 60 na 70 kutoka kipimo kimoja kwenda kingine. Fikiria jengo lenye ngazi 172. Asilimia 70 ya ngazi zote ni ngazi ya 120. Lakini mama huyu hata akiwa amelala yuko tayari ngazi ya 76. Asilimia 70 ya ngazi zilizobaki mbele yake zinampeleka ya 143, juu sana kuliko ile ya kwanza. Neno asilimia ni lilelile, ila moja inahesabu kutoka chini kabisa na nyingine inahesabu kutoka mahali aliposimama.

Chuo cha Tiba ya Michezo cha Marekani, ambacho miongozo yake hutumiwa na wataalamu wengi wa mazoezi, hukwepa mtego huu kwa kutoa viwango viwili tofauti kwa jambo lilelile. Mazoezi ya nguvu ya wastani ni asilimia 40 hadi 59 ya akiba ya mapigo, au asilimia 64 hadi 76 ya mapigo ya juu kabisa. Tuvijaribu kwa mama wetu. Kwa akiba, asilimia 40 inatoa 114 na asilimia 59 inatoa 133. Kwa mapigo ya juu kabisa, inatoka 110 hadi 131. Sasa njia mbili zinakaribiana, na zinaeleza alichokihisi barabarani: kwenye 121 alikuwa sawa, kwenye 140 alikuwa amepita. Kama una saa inayokuruhusu kubadilisha kanda kwa mkono, na nyingi zinaruhusu, ingiza namba hizi mahali pa zile ilizokuja nazo.

Hata hivyo bado ni makadirio, kwa sababu 172 yenyewe ni makadirio. Ndiyo maana hatua ya mwisho inafanyika barabarani. Siku tatu tofauti, mama anatembea kwa kuongeza kasi kidogo kila baada ya dakika tatu, na kila anapoongeza anausema ule ubeti. Anaangalia namba pale sentensi zinapoanza kukatika. Tuseme siku ya kwanza ni 130, ya pili 126, ya tatu 128. Dari lake basi ni 128, na hilo ni lake kweli, kwa kuwa limepimwa kwa pumzi yake mwenyewe. Hesabu za kwenye karatasi zilimsaidia kujua aanze kulitafuta wapi.

Likishajulikana, linakuja jambo linalowavunja moyo wengi: kwa wanaoanza, kukimbia kokote, hata kwa polepole, kunalipita dari. Ni suala la miguu, wala haliashirii ugonjwa. Binadamu hubadilika kutoka kutembea kwenda kukimbia kwenye kasi ya karibu kilomita 7 kwa saa, yaani kilomita moja kwa dakika nane na nusu hivi. Chini ya kasi hiyo, kutembea ni rahisi kwa mwili kuliko kukimbia, kwa hiyo anayekimbia kwa kilomita 6 kwa saa anatumia nguvu nyingi kuliko anayetembea bega kwa bega naye. Hakuna kukimbia kwa nguvu za kutembea. Ukivuka tu, moyo unaruka ngazi. Mama wetu anatembea kwenye 122, anaanza kukimbia kwa hatua fupi kabisa, na ndani ya dakika mbili yuko 145.

Jibu ni kukimbia kwa vipande. Wiki tatu za kwanza mama anatembea tu, mara nne kwa wiki, akianza na dakika 30 na kufika 40, mapigo yakiwa kati ya 114 na 128. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2020 linapendekeza dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na mama kwa dakika 40 mara nne ameshafika bila kukimbia hata hatua moja. Anayebaki hapo maisha yake yote hajapungukiwa.

Wiki ya nne anaanza kuchanganya. Anatembea dakika 10 za kupasha mwili, kisha anakimbia dakika moja na kutembea mbili, mara nane, halafu dakika 10 za kutembea akipoa. Jumla ni dakika 44, na kati ya hizo amekimbia nane tu. Wakati wa kile kipande cha dakika moja hatakiwi kuikodolea saa macho. Moyo huchelewa kuitikia mwendo, na saa huchelewa kuonyesha moyo, hivyo namba inaweza kuendelea kupanda hata baada ya kuacha kukimbia. Saa inafaa zaidi kwenye kipande cha kutembea: kila kipya kinaanza mapigo yakiwa yamerudi hadi 118 au chini yake. Ikiwa kufikia mzunguko wa tano dakika mbili hazitoshi kuyashusha, basi anakimbia kwa kasi mno, na kinachopaswa kupungua ni kasi wala si idadi ya mizunguko. Mizunguko minane ikishakuwa myepesi kwa wiki mbili tatu, kipande cha kukimbia kinakuwa dakika mbili, baadaye tatu. Siku za kukimbia ni tatu kwa wiki, zisizofuatana, ili miguu ipate nafasi. Siku ya nne ni matembezi.

Mwendo huu unaonekana mdogo mno, hasa mtu akipitwa na vijana pale Daraja la Tanzanite au ufukweni Coco. Naomba asiaibike. Hata Iten na Kaptagat, kwenye nyanda za juu za Kenya wanakofanyia mazoezi mabingwa wa dunia, mbio za siku nyepesi huanza polepole kiasi kwamba wageni hushangaa. Wenye kasi kubwa kuliko wote wanajua sana kupunguza.

Kuna siku ambapo namba yenyewe inapotoka, na ni vizuri kujua sababu ili usibadili mazoezi bure. Saa janja hupima kwa kumulika ngozi kwa mwanga wa kijani na kusoma jinsi damu inavyoumeza kila moyo unapopiga. Ikiwa imelegea, inacheza mkononi kila unapotua mguu, na kitambuzi kinaweza kuhesabu hatua zako badala ya mapigo. Mkimbiaji mwingi wa kawaida hupiga hatua kati ya 150 na 170 kwa dakika, hivyo ukiona ghafla 164 isiyotikisika huku unapumua vizuri, shuku saa kwanza. Simama, tafuta mshipa wa mkononi au shingoni, hesabu sekunde 15 na uzidishe kwa nne. Fanya hivyo mara moja, maana mapigo hushuka haraka mtu akisimama. Dawa yake ni kuikaza saa na kuisogeza upana wa vidole viwili juu ya mfupa wa kifundo. Mkanda wa kifuani, unaosoma umeme wa moyo wenyewe, ni sahihi zaidi, ila si lazima kuununua.

Joto nalo hupandisha mapigo kweli. Mwili hupeleka damu kwenye ngozi ili upoe, jasho hupunguza maji ya damu, na kila pigo linabeba kidogo, kwa hiyo moyo huongeza idadi. Njia ileile, kwa kasi ileile, inaweza kumpa mama 120 saa 12 asubuhi mwezi wa Julai na zaidi ya 130 saa 10 jioni mwezi wa Februari. Na hata asubuhi, baada ya nusu saa, mapigo hujivuta juu polepole bila mwendo kubadilika. Katika joto fuata dari na si kasi: punguza mwendo, kunywa maji, na usihesabu kwamba umerudi nyuma.

Dawa za presha hubadilisha kila kitu. Tuseme mume wa mama huyu anatumia atenolol. Hii ni moja ya dawa zinazouzuia moyo usiende kasi, na nyingine za kundi hilo ni propranolol na bisoprolol. Akitembea na mkewe, saa yake inasoma 98 huku akihema kuliko yeye. Kwake kanuni za umri hazifai kabisa, na akijilazimisha kufika 120 anaweza kujiumiza. Atumie kipimo cha kuzungumza peke yake, na amwulize daktari wake kabla ya kuanza. Asiache dawa wala kuruka kidonge ili saa imsomee vizuri. Kuiacha ghafla ni hatari kwa moyo.

Mapigo ya asubuhi yana kazi nyingine pia. Mama aliyezoea 76 akiamka na 87, mwili una jambo. Pengine hakulala vizuri, pengine mazoezi ya jana yalizidi, pengine homa inakuja. Siku hiyo apumzike au atembee tu. Kama kuna joto la mwili au maumivu ya viungo, akapime malaria badala ya kwenda barabarani. Na kama mapigo yamekuwa juu kwa wiki nyingi, pamoja na uchovu, kizunguzungu na kuhema kwa kazi ndogo, upungufu wa damu ni jambo la kuulizia hospitalini, hasa kwa wanawake.

Maumivu au uzito wa kifua unaokwenda begani, mkononi au tayani, kuzimia au karibu kuzimia, kuhema kusikotulia baada ya kupumzika, na moyo kupiga ovyo bila mpangilio ni mambo yasiyo na kanda. Ni kuacha papo hapo na kutafuta matibabu siku hiyohiyo, bila kungoja kuona kama yatapita. Mwenye kisukari, presha, historia ya ugonjwa wa moyo, au aliyekaa miaka mingi bila mazoezi na ana umri mkubwa, aonane na daktari kabla ya wiki ya kwanza.

Wengi huuliza kuhusu kanda inayounguza mafuta. Ni kweli kwamba kwenye kanda ya pili sehemu kubwa zaidi ya nishati hutoka kwenye mafuta, lakini mwili haupungui kwa dakika moja ya zoezi. Unategemea nishati yote iliyotumika na chakula kilicholiwa siku nzima. Kanda hii inamfaa anayeanza kwa kuwa anaweza kukaa ndani yake muda mrefu na mara nyingi.

Tumrudie mama baada ya wiki kumi na mbili. Tangu mwanzo alichagua kipande kimoja cha njia tambarare, kilomita tatu, anachokitembea kila mwisho wa mwezi, saa ileile ya asubuhi, kwa dakika 33. Mwezi wa kwanza wastani wa mapigo ulikuwa 124. Tuseme mwezi wa tatu ni 116. Umbali haukubadilika, wala muda, ila moyo sasa unafanya kazi ileile kwa mapigo manane machache kila dakika. Hicho ndicho kipimo cha maendeleo ninachokiamini kuliko makadirio ya siha ambayo saa huyatoa yenyewe.

Mapigo yake ya asubuhi nayo tuseme yameshuka hadi 70, kwa hiyo hesabu inafanywa upya: 172 kutoa 70 ni 102, asilimia 40 inampa 111 na asilimia 59 inampa 130. Namba zimeshuka kidogo kutoka 114 na 133, na anayeziangalia haraka anaweza kudhani ameruhusiwa kidogo kuliko mwanzo. Lakini akirudia lile jaribio la ubeti, ataona sentensi zinaanza kukatika kwenye kasi kubwa kuliko ya siku ya kwanza, na vipande vya dakika tatu za kukimbia vinaishia jirani na dari badala ya kulipita mbali. Akifika hapo, na miguu ikiwa haiumi, anaweza kuongeza mara moja kwa wiki dakika chache za kanda ya tatu: mara nne za dakika mbili, akitembea katikati hadi mapigo yashuke. Siku nyingine zote anabaki palepale chini ya dari.